Rangi moja, asidi mbili: kusoma chati ya kiashiria katika swali la picha

Swali huja likiwa na picha moja. Juu ya picha kuna chati, yaani msururu wa viraba vya rangi vilivyopangwa kuanzia nyekundu hadi zambarau, kila kiraba kikiwa na namba yake ya pH. Chini ya chati kuna mirija mitano ya majaribio yenye herufi A hadi E, na kila mrija umetiwa matone machache ya kiashiria cha jumla, kile ambacho hakigeuki mara moja tu bali hupitia rangi nyingi kadiri pH inavyopanda. Mtahiniwa anaambiwa kwamba mimumunyo yote mitano ina ukolezi wa moli 0.1 kwa lita, na kwamba ni asidi ya haidrokloriki, asidi ya ethanoiki, kloridi ya sodiamu, haidrojenikaboneti ya sodiamu na haidroksidi ya sodiamu, ila haambiwi ipi imo katika mrija upi. Kazi yake ni kulinganisha rangi ya kila mrija na chati, kutaja pH ya kukadiria, kisha kusema ipi ni asidi kali, ipi ni asidi dhaifu, ipi si asidi wala besi, ipi ni besi dhaifu na ipi ni besi kali.

Nusu ya kwanza ya swali hili ni nyepesi kweli: jicho linatafuta kiraba kinachofanana na mrija, na namba inasomwa. Nusu ya pili ndiyo inayowaangusha wengi, kwa sababu chati haikutengenezwa ili kupima kile hasa ambacho swali linauliza. Chati inapima kitu kimoja, neno "kali" linataja kitu kingine, na kinachoviunganisha ni ile sentensi fupi ya ukolezi ambayo mtahiniwa huisoma kwa haraka na kuipita. Mtu akiiondoa sentensi hiyo, swali haliwezi kujibiwa tena, hata kama picha ni safi na jicho ni zuri kiasi gani.

Namba iliyo chini ya kiraba

Kipimo cha pH kilibuniwa mwaka 1909 na mkemia Mdenmaki Søren Sørensen, alipokuwa akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Kopenhageni. Alitaka njia fupi ya kutaja kiasi cha ioni za haidrojeni, ambacho kwa kawaida huandikwa kwa desimali ndefu zenye sifuri nyingi. Mmumunyo wenye moli 0.1 ya ioni hizo katika kila lita una pH 1, wenye moli 0.01 una pH 2, na wenye moli 0.001 una pH 3. Namba ikipanda kwa moja, ioni za haidrojeni hupungua mara kumi, kwa hiyo viraba viwili vinavyopakana kwenye chati, ambavyo huenda rangi zake zinakaribiana sana, vinawakilisha mimumunyo inayotofautiana mara kumi, na viraba vya 1 na 3 vinatofautiana mara mia. Kwenye 7, katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi, ioni za haidrojeni zinalingana na ioni za haidroksidi, na juu ya hapo ioni za haidroksidi ndizo zinazozidi.

Jambo la kushika hapa ni kwamba pH huhesabu ioni ambazo zimekwisha kuachiliwa na ziko huru ndani ya maji. Ioni ambazo bado zimeshikwa na molekuli za asidi hazihesabiwi, hata kama ni nyingi kuliko zilizo huru. Tofauti hiyo itarudi baadaye, na ndiyo kiini cha jambo lote.

Rangi zenyewe zina asili yake. Kiashiria ni kemikali yenye rangi ambayo molekuli yake yenyewe ni asidi dhaifu: ikiwa bado imeshika ioni yake ya haidrojeni huonyesha rangi moja, na ikiiachilia huonyesha nyingine. Kila kiashiria kina eneo lake la kugeukia, ambalo mara nyingi lina upana usiozidi vipimo viwili vya pH, na nje ya eneo hilo hakibadiliki tena. Ili kupata msururu mrefu wa rangi, watengenezaji huchanganya viashiria kadhaa, na mchanganyiko mmoja unaojulikana sana una vinne: thimoli bluu, methili redi, bromothimoli bluu na fenolfthalini.

Inafaa kuvifuata hivi vinne polepole, kwa sababu mtu akiona vinavyofanya kazi pamoja hatahitaji kukariri chati. Katika pH ya chini kabisa, thimoli bluu na methili redi zote ni nyekundu, na mmumunyo mzima huwa mwekundu uliokolea. Thimoli bluu hugeuka kuwa njano kati ya pH 1.2 na 2.8, lakini methili redi bado ni nyekundu, kwa hiyo rangi ya jumla inaanza kuelekea machungwa. Kati ya 4.4 na 6.2 methili redi nayo inageuka kutoka nyekundu hadi njano, na hapo ndipo rangi ya machungwa inapotokea waziwazi karibu na 5 na njano karibu na 6. Bromothimoli bluu hugeuka kutoka njano hadi bluu kati ya 6.0 na 7.6, na kijani tunayoiona karibu na 7 ni njano na bluu zikiwa zimechanganyika. Hakuna hata kimoja kati ya viashiria hivi vinne ambacho kina ukijani wake chenyewe. Kati ya 8.0 na 9.6 thimoli bluu hugeuka kwa mara ya pili, kutoka njano hadi bluu, na bluu ya mmumunyo inakolea. Mwisho fenolfthalini, ambayo chini ya 8.2 haina rangi, huleta waridi inayokamilika karibu na 10, na waridi ikiingia ndani ya bluu tunapata zambarau.

Maelezo hayo yanaonyesha pia mahali ambapo chati haioni. Karibu na 3 na 4 thimoli bluu imekwisha kugeuka na methili redi haijaanza, kwa hiyo rangi inakaribia kusimama. Juu ya 10 viashiria vyote vinne vimemaliza kugeuka, na kwa mchanganyiko huu pH 11 na pH 13 zina zambarau ile ile kwa jicho la kawaida. Zipo chati zinazochapisha viraba vinne tofauti vya 11, 12, 13 na 14, kila kimoja kikiwa cheusi zaidi ya kilichotangulia. Pale ambapo kiashiria ni mchanganyiko huu, naona upangaji huo unamdanganya msomaji, kwa kuwa unamwahidi usahihi ambao kimiminika hakiwezi kuutoa. Mchanganyiko mwingine wenye viashiria vingine hugeukia mahali pengine, na ndiyo sababu namba husomwa kwenye chati iliyomo katika picha, wala si kwenye chati ambayo mtu aliikariri kutoka kitabu kingine.

Mirija mitano

Tuchukue kwamba chati ya picha yetu ni ya mchanganyiko huo. Inaonyesha nyekundu iliyokolea kwa 1 na 2, nyekundu inayoelekea machungwa kwa 3 na 4, machungwa kwa 5, njano kwa 6, kijani kwa 7, kijani chenye ubluu kwa 8, bluu kwa 9, bluu yenye uzambarau kwa 10, na zambarau kwa 11 hadi 14. Mrija A ni wa kijani, B ni mwekundu uliokolea, C ni wa zambarau, D ni mwekundu unaoelekea machungwa, na E ni wa kijani chenye ubluu.

Jibu la uangalifu halitoi namba moja pale ambapo rangi inaruhusu mbili. Mrija B una pH ya 1 hadi 2, D ya 3 hadi 4, A karibu 7, E karibu 8, na C ya 11 au zaidi. Mtahiniwa anayeandika kwamba C ina pH 13 ameandika kitu ambacho huenda ni kweli, lakini hakukisoma kwenye rangi.

Sasa sentensi ya ukolezi inaingia kazini. Mimumunyo yote ina moli 0.1 kwa lita, maana yake ni kwamba katika mirija ya asidi idadi ya molekuli zilizotiwa majini ni ile ile, na kila molekuli ya asidi hizi mbili ina ioni moja tu ya haidrojeni inayoweza kuachilia. Kwa hiyo tofauti yoyote ya pH kati ya B na D haiwezi kutokana na kuwapo kwa asidi nyingi zaidi upande mmoja. Inatokana na kiasi ambacho molekuli zimeachilia. Asidi ya haidrokloriki huachilia ioni zake zote, ioni huru zinakuwa moli 0.1 kwa lita, na pH inakuwa 1, jambo linalokubaliana na wekundu uliokolea wa B. Asidi ya ethanoiki, ambayo ndiyo asidi ya siki, huachilia kidogo sana: katika ukolezi huu, kati ya kila molekuli 1,000 ni kama 13 tu ambazo zimeachilia ioni zao kwa wakati wowote, na pH yake ni karibu 2.9. Hiyo inakubaliana na kiraba cha 3, yaani D. Kwa rangi, B na D ni jirani. Kwa ioni huru, B inaishinda D zaidi ya mara sabini.

Upande wa pili unakwenda kwa hoja hiyo hiyo. Haidrojenikaboneti ya sodiamu ya moli 0.1 kwa lita ina pH ya takriban 8.3, nayo ni besi dhaifu, kwa hiyo inaangukia E. Kloridi ya sodiamu haichukui wala haitoi ioni za haidrojeni kwa kiasi cha kuonekana, nayo ni A. Kinachobaki ni haidroksidi ya sodiamu, ambayo hutengana yote na kuupa mmumunyo pH 13, nayo ni C.

Hapo kuna jambo ambalo ningependa kila anayetunga swali la aina hii alitazame. Tuseme orodha ingekuwa na amonia mahali pa haidroksidi ya sodiamu. Amonia ni besi dhaifu, lakini kwa moli 0.1 kwa lita pH yake ni takriban 11.1, na mrija wake ungekuwa wa zambarau vile vile. Mtahiniwa angeiona zambarau, angeandika "besi kali", na chati isingemsahihisha. Katika swali letu mrija C umetambuliwa kwa orodha na kwa kuondoa vingine, wala si kwa rangi peke yake, na kama orodha ingekuwa na besi zote mbili basi mirija yao isingeweza kutenganishwa kwa kiashiria hiki.

Neno "kali" na mizigo yake

Kiswahili kimelipa neno "kali" kazi nyingi. Jua ni kali, kisu ni kikali, sauti ni kali, na siki iliyochacha sana nayo huitwa kali. Mtu anayesikia "asidi kali" hufikiria mara moja asidi inayochoma, au asidi iliyotiwa nyingi katika maji machache. Katika kemia neno hilo lina maana nyembamba: asidi ni kali ikiwa molekuli zake zote, au karibu zote, huachilia ioni za haidrojeni zikiwa ndani ya maji, na ni dhaifu ikiwa sehemu ndogo tu huachilia. Hiyo ni tabia ya asidi yenyewe, na haibadiliki kwa kuongeza maji. Kiasi cha asidi katika lita ni jambo jingine, na kwa hilo tunayo maneno mengine mazuri: mmumunyo uliokolea na mmumunyo uliozimuliwa. Asidi kali iliyozimuliwa bado ni asidi kali, na asidi dhaifu iliyokolea bado ni dhaifu, ingawa inaweza kuunguza ngozi.

Tubadilishe swali kidogo ili jambo hili lionekane. Katika picha mpya kuna mirija miwili tu, P na Q, na yote miwili ina wekundu unaoelekea machungwa, pH karibu 3. Hakuna ukolezi uliotajwa. Swali linauliza: je, asidi hizi ni kali au dhaifu? Wengi watajibu kwamba zote mbili ni dhaifu, kwa sababu kwenye chati nyingi sehemu ya nyekundu iliyokolea imeandikwa "asidi kali" na sehemu ya machungwa na njano imeandikwa "asidi dhaifu". Lakini P inaweza kuwa asidi ya ethanoiki ya moli 0.1 kwa lita, ambayo tumekwisha kuiona ikiwa na pH 2.9, na Q inaweza kuwa asidi ya haidrokloriki ya moli 0.001 kwa lita, ambayo imeachilia kila ioni iliyonayo na kufika pH 3 kamili. Rangi ni moja, pH ni moja kwa kadiri ya jicho, lakini P ina molekuli za asidi mara mia zaidi ya Q, nyingi zikiwa bado zimeshika ioni zao. Maandishi ya "kali" na "dhaifu" yaliyo pembeni mwa chati yanafaa tu pale ambapo mimumunyo inayolinganishwa ina ukolezi unaolingana, na ni vyema kuyasoma kama yanasema "pH ya chini sana" na "pH ya chini kidogo".

Kama mtu ana mirija yenyewe mkononi na si picha tu, zipo njia mbili za kuitenganisha P na Q. Ya kwanza ni kuzimua. Chukua sehemu moja ya kila mmumunyo, ongeza maji hadi ujazo uwe mara mia, kisha tia kiashiria upya. Asidi ya haidrokloriki haina akiba: ioni zake zote zilikuwa huru tangu mwanzo, kwa hiyo zinapungua mara mia na pH inapanda kutoka 3 hadi karibu 5, yaani machungwa. Asidi ya ethanoiki ina akiba kubwa, na kila inapozimuliwa sehemu kubwa zaidi ya molekuli zake huachilia ioni, hivyo pH inapanda hadi karibu 3.9 tu na rangi haitoki kwenye wekundu wake. Jaribio hili linahitaji maji yaliyochemshwa na kupozwa huku yamefunikwa, kwa sababu maji yaliyokaa wazi hufyonza kaboni dioksidi kutoka hewani na yenyewe hushuka hadi karibu pH 5.6.

Njia ya pili ni ya uhakika zaidi, na mimi ningeichagua. Pima mililita 10 za kila mmumunyo, tia matone mawili ya fenolfthalini, kisha dondoshea haidroksidi ya sodiamu ya moli 0.1 kwa lita mpaka waridi nyepesi ibaki. Q itamaliza kwa mililita 0.1, ambayo ni kama matone mawili. P itahitaji mililita 10. Besi huchukua ioni zilizo huru na, zinapokwisha, huzivuta zile zilizoshikwa, kwa hiyo inahesabu akiba yote ambayo rangi ya kiashiria haikuweza kuiona.

Mwanga uliopiga picha

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba rangi ya kwenye picha ndiyo rangi ya mrija. Mara nyingi sivyo. Kamera hurekebisha rangi yenyewe kwa kukisia mwanga uliopo, na chini ya taa yenye umanjano au kando ya dirisha lenye mwanga wa ubluu kukisia huko huweza kukosea. Picha ikielemea njano, kijani cha 7 huonekana kama njano yenye ukijani, na bluu ya 9 huonekana kama kijani chenye ubluu. Makosa hayo ni ya kipimo kimoja cha pH, na katika eneo la 6 hadi 8 kipimo kimoja ndicho kinachotenganisha asidi na besi.

Kinga yake ni rahisi ikiwa chati na mirija vilipigwa picha pamoja, chini ya mwanga mmoja. Hapo kosa la kamera linaangukia vyote viwili, na ulinganisho unabaki kuwa wa haki hata kama kila rangi moja moja si ya kweli. Hatari ipo pale ambapo chati iliongezwa baadaye kwa kompyuta juu ya picha ya mirija. Dalili huonekana kwa urahisi: ukingo mweupe wa chati ni mweupe kabisa ilhali ukuta au karatasi iliyo nyuma ya mirija ina umanjano, au viraba havina kivuli hata kidogo wakati kishikizo cha mirija kina kivuli upande mmoja. Katika picha kama hiyo, tafuta kwanza mrija ambao pH yake inajulikana kutoka kwenye maneno ya swali, kama vile ule wa kloridi ya sodiamu, uone umesogea upande gani ukilinganishwa na kiraba chake, kisha uisogeze mirija mingine upande huo huo kichwani mwako kabla ya kuisoma.

Lipo pia suala la kina cha kimiminika. Kiraba kimechapishwa kwa wino usiopitisha mwanga, ilhali mrija unapitisha, na mrija mnene au wenye matone mengi ya kiashiria huonekana mweusi zaidi ya kiraba chake. Kinachopaswa kulinganishwa ni aina ya rangi, si ukolezi wake: uliza kama nyekundu ina umachungwa ndani yake au haina, usiulize kama imekolea sawa na kiraba. Kuzidisha kiashiria kuna madhara mengine, kwani kiashiria chenyewe ni asidi dhaifu, na katika maji matupu yasiyo na kitu cha kushikilia pH kinaweza kuisogeza. Ndiyo sababu mrija ulioandikwa "maji" mara nyingi huwa na njano yenye ukijani badala ya kijani, na anayeusoma kama pH 6 hajakosea kusoma. Maji yale kweli yana asidi kidogo, sehemu kutoka hewani na sehemu kutoka kwenye matone yenyewe.

Na kuna rangi zinazopotea. Fenolfthalini katika alkali iliyokolea sana hupauka polepole, kwa hiyo mrija wa haidroksidi ya sodiamu uliosimama kwa muda kabla ya kupigwa picha unaweza kupoteza waridi yake na kurudi kwenye bluu, ukasomwa kama pH 9. Dawa ya kung'arisha nguo yenye haipokloriti ya sodiamu huharibu molekuli za kiashiria kabisa: rangi hutokea kwa muda mfupi kisha hutoweka, na mrija ule mweupe uliobaki hausemi lolote kuhusu pH. Katika hali zote mbili, picha sahihi ni ile iliyopigwa mara tu baada ya kutia kiashiria.

Kwa wasomaji wenye shida ya kutofautisha nyekundu na kijani, chati hii ni kikwazo cha kweli, kwa kuwa inaweka asidi na mmumunyo usio asidi wala besi kwenye rangi mbili ambazo wao huziona zikikaribiana. Mtunzi wa swali anayeandika jina la rangi chini ya kila mrija haharibu swali lake, maana kazi ngumu inaanza baada ya rangi kutajwa.

Chati ya mistari

Wakati mwingine picha haina viraba bali mistari mitatu iliyolala sambamba juu ya kipimo cha pH, kila mstari ukiwa wa kiashiria kimoja na ukibadilika rangi mahali pake. Methili oranji ni nyekundu chini ya 3.1 na njano juu ya 4.4. Bromothimoli bluu ni njano chini ya 6.0 na bluu juu ya 7.6. Fenolfthalini haina rangi chini ya 8.2 na ni waridi juu ya 10. Swali linasema kwamba mmumunyo mmoja umegawanywa katika mirija mitatu, na kwamba umekuwa njano kwa methili oranji, njano kwa bromothimoli bluu, na haukuwa na rangi kwa fenolfthalini.

Mtego uko kwenye njano mbili. Ya kwanza inasema pH iko juu ya 4.4, ya pili inasema iko chini ya 6.0, na rangi ile ile inasukuma upande tofauti kwa sababu kila kiashiria kina mwisho wake wa njano. Fenolfthalini inasema pH iko chini ya 8.2, jambo ambalo tayari tunalijua. Kwa kuchora kila habari kama mstari juu ya kipimo na kutafuta mahali ambapo mistari yote mitatu inapishana, tunabaki na pH kati ya 4.4 na 6.0, na hilo ndilo jibu kamili; kuandika 5.2 kwa sababu ndiyo katikati ni kuongeza usahihi ambao haupo. Swali likiendelea kuuliza kama asidi hii ni kali au dhaifu, na ukolezi ukawa umetajwa kuwa moli 0.1 kwa lita, jibu ni dhaifu, kwa kuwa asidi kali ya ukolezi huo ingekuwa na pH 1 na ingeiacha methili oranji ikiwa nyekundu. Ukolezi usipotajwa, andika pH pekee, na ueleze kwamba asidi ya haidrokloriki ya moli 0.00001 kwa lita nayo ingetoa rangi hizo hizo tatu.